Kabla ya Kununua King'amuzi Kipya: Kagua Waya wa Antena na Konekta Zake

Kila msimu wa masika malalamiko ya aina moja husikika katika kata nyingi: picha ya televisheni huganda, sauti hukatika, na baadaye kioo huonyesha maandishi kwamba hakuna mawimbi. Baadhi ya wananchi hukimbilia dukani kununua king'amuzi kingine, na wengine hubadilisha antena au dishi zima. Mara nyingi, baada ya fedha kutumika, tatizo hurudi na mvua ya pili. Sababu ni kwamba kilichoharibika hakikuwa king'amuzi wala antena, bali waya unaoviunganisha, au vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo katika ncha zake. Makala haya yanaeleza jinsi waya huo unavyofanya kazi, mahali mawimbi yanapopotelea, na namna mkazi anavyoweza kuutambua ubovu kabla ya kufungua mkoba.

Mzizi wa mkanganyiko huu uko katika mabadiliko ya teknolojia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Katika matangazo ya analojia, mawimbi yakipungua picha hujaa chengachenga kidogokidogo, na mwenye nyumba huona kwamba hali inaharibika. Matangazo ya dijitali hayatoi onyo kama hilo. Mawimbi yakipungua kwa nusu, picha hubaki safi kabisa. Yakipungua tena kwa nusu, bado ni safi. Kisha yakivuka kiwango fulani cha chini, picha huvunjika vipande na kutoweka. Kwa hiyo waya mbovu unaweza kukaa miaka miwili bila kujulikana, huku nyumba ikiishi ukingoni mwa kiwango hicho, mpaka mvua moja iisukume upande wa pili.

MUUNDO WA WAYA

Waya wa antena si waya wa kawaida kama ule wa taa. Ukikatwa na kutazamwa kwenye ncha, huonekana una tabaka nne. Katikati upo uzi mmoja mgumu wa shaba, au wa chuma kilichopakwa shaba, nao ndio kiini. Kiini hicho kimezungukwa na plastiki nyeupe laini mithili ya povu. Juu ya plastiki ipo karatasi nyembamba ya alumini pamoja na wavu wa nyuzi ndogondogo za chuma. Mwisho kabisa lipo ganda la nje, jeusi au jeupe, linalozuia maji na jua.

Mawimbi husafiri katika nafasi iliyo kati ya kiini na wavu, yaani ndani ya plastiki nyeupe. Wavu na karatasi ya alumini ni njia ya kurudia umeme wa mawimbi, na papo hapo ni ukuta unaozuia mawimbi mengine, kama ya simu au ya pikipiki inayopita, yasiingie. Ndiyo maana wavu uliokatika au uliooza ni ubovu mkubwa, hata kama kiini ni kizima.

Vipimo vya tabaka hizo si vya kubahatisha. Katika waya ulioandikwa RG6 kwenye ganda lake, kiini kina unene wa takriban milimita 1, na plastiki nyeupe ina kipenyo cha takriban milimita 4.6. Uwiano huo, pamoja na aina ya plastiki, ndio unaoupa waya ukinzani wa mawimbi ambao vitabu vya ufundi huuita impidansi, na kiwango chake ni ohmu 75. Antena za televisheni, ving'amuzi na vichwa vya madishi hutengenezwa kwa kiwango hicho hicho. Ukinzani huu hauhusiani na urefu: kipande cha mita 1 kina ohmu 75, na roli la mita 100 lina ohmu 75. Haupimwi kwa mita ya kawaida ya fundi umeme, kwa sababu unahusu mawimbi yanayosafiri na si umeme wa betri.

Umuhimu wake unaeleweka kwa mfano wa bomba la maji. Bomba likiwa na upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maji hupita kwa utulivu. Likibonyezwa mahali fulani, sehemu ya maji hugonga na kurudi nyuma. Waya wa antena uliokunjwa kwa pembe kali dirishani, uliobanwa na mlango, au uliopigiliwa msumari uliopinda juu yake, hubonyea plastiki yake. Kiini hukaribia wavu, ukinzani hubadilika mahali hapo, na sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka. Kwa sababu hiyo waya haupaswi kukunjwa kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe kikubwa, na vibanio vya ukutani vinapaswa kuushika bila kuubonyeza.

UPOTEVU NJIANI

Hata waya mzima hupoteza mawimbi. Upotevu hupimwa kwa desibeli, na mkazi anahitaji kukumbuka mambo mawili tu: kila desibeli 3 zinazopotea hupunguza nguvu ya mawimbi kwa nusu, na desibeli 10 zikipotea hubaki sehemu moja ya kumi.

Waya wa RG6, katika masafa ya megahezi 600 yanayotumiwa na antena za kawaida, hupoteza takriban desibeli 16 kwa kila mita 100. Mita 30 hupoteza karibu desibeli 5, yaani theluthi moja tu ya mawimbi ndiyo hufika. Waya mwembamba zaidi, ambao mara nyingi huwa umeandikwa RG59, hupoteza takriban desibeli 22 kwa mita 100 katika masafa hayo hayo. Waya wa redio za mawasiliano ulioandikwa RG58 ni mbaya zaidi kwa kazi hii: ukinzani wake ni ohmu 50 badala ya 75, na upotevu wake unapita maradufu ule wa RG6. Kwa macho, nyaya hizi hufanana. Njia salama ni kusoma maandishi kwenye ganda kabla ya kulipa.

Upande wa dishi mambo ni tofauti kidogo. Mawimbi ya setilaiti hushuka yakiwa na masafa ya juu sana, ambayo waya wa aina hii usingeweza kuyabeba mbali. Kifaa kidogo kilicho mbele ya bakuli, yaani kichwa cha dishi, huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150 na kuyakuza kwa nguvu kabla ya kuyaingiza kwenye waya. Ingawa waya hupoteza zaidi katika masafa hayo, mawimbi huanza safari yakiwa na nguvu nyingi. Hii ndiyo sababu dishi huvumilia waya mrefu kuliko antena isiyo na kikuzi.

Kichwa cha dishi, hata hivyo, kinahitaji umeme, nao hutoka kwenye king'amuzi na kupanda kupitia waya huo huo. King'amuzi hupeleka volti 13 au volti 18 ili kukiambia kichwa kipokee kundi gani la chaneli. Hapa inapatikana dalili yenye faida: kundi moja la chaneli likipotea huku kundi jingine likibaki safi, bakuli si la kulaumiwa kwanza. Inawezekana konekta imeota kutu, volti 18 zinapungua njiani, na kichwa kinadhani kimeambiwa volti 13.

MVUA KAMA KIPIMO

Mkazi asiye na kifaa chochote anaweza kuitumia mvua kama kipimo. Mawimbi ya setilaiti hufifishwa na mvua kubwa angani. Iwapo picha ya dishi hupotea wakati wa mvua nzito na kurudi dakika chache baada ya mvua kupungua, hilo ni jambo la anga. Lakini iwapo mvua imekatika, jua limetoka, na picha hairudi mpaka saa kadhaa zipite au mpaka kesho yake, basi maji yameingia kwenye konekta au ndani ya waya, na picha inasubiri yakauke.

Kwa antena ya kawaida kipimo ni chepesi zaidi. Masafa yake hayasumbuliwi na mvua kwa kiasi cha kuonekana. Antena inayozima kila mvua inaponyesha ina tatizo la maji kwenye maungio yake, au nguzo inayoyumba kwa upepo.

Maji yakishaingia hayatulii mahali pamoja. Hunyonywa na wavu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, na yanaweza kusafiri mita kadhaa ndani ya waya. Wavu mzima hung'aa. Wavu ulioingiwa na maji huwa mweusi au wenye unga mweupe, na shaba huwa na ukijani. Ukikuta hali hiyo, kata waya kidogokidogo mpaka ufikie sehemu inayong'aa. Ikiwa baada ya mita moja au mbili weusi bado upo, waya wote ubadilishwe.

KUFUNGA KONEKTA YA KUSKRUBU

Konekta ya kuskrubu ndiyo inayopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, nayo haihitaji koleo maalumu. Haina pini yake yenyewe: kiini cha waya ndicho kinachotokeza katikati na kuwa pini. Kwa hiyo ubora wa muungano unategemea mkono wa anayefunga.

Kwanza, chomoa king'amuzi kwenye umeme. Kufungua konekta ya dishi wakati king'amuzi kinawaka kunaweza kugusanisha kiini na wavu, na umeme unaopanda kwenye waya ukaunguza king'amuzi.

Pili, kata ganda la nje kwa kisu kikali, milimita 13 kutoka nchani, kwa kuzungusha kisu taratibu ili usikate wavu. Vua ganda hilo, kisha ukunje wavu wote kurudi nyuma juu ya ganda lililobaki. Acha karatasi ya alumini iliyoshikamana na plastiki nyeupe mahali pake.

Tatu, kata plastiki nyeupe pamoja na karatasi yake, milimita 6 hadi 7 kutoka nchani, ili kiini kibaki wazi. Kisu kisikwaruze kiini. Hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, unaogusa kiini. Uzi mmoja tu unatosha kuzima dishi lote.

Nne, ingiza konekta na uizungushe kufuata mwendo wa saa huku ukiisukuma, mpaka ikamate ganda pamoja na wavu uliokunjwa. Chungulia ndani ya mdomo wake: plastiki nyeupe inapaswa kuwa sawasawa na sakafu ya ndani ya konekta, na kiini kitokeze milimita 1 hadi 2 nje ya ukingo. Kiini kikiwa kifupi hakitafika. Kikiwa kirefu mno kinaweza kuharibu tundu la king'amuzi.

Tano, vuta konekta kwa nguvu ya wastani. Ikichomoka, konekta hiyo ni ya waya mnene kuliko ulio nao. Wengine huviringisha utepe wa plastiki kwenye waya ili konekta ikaze. Hilo ni kosa, kwa sababu utepe huzuia konekta isigusane na wavu, na mawimbi hukosa njia ya kurudi. Nunua konekta inayolingana na waya.

Konekta iliyo nje ya nyumba ifunikwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake kama vigae vya paa. Kabla waya haujaingia ndani ya nyumba, uachwe ulegee na kushuka kidogo chini ya tundu, ndipo upande kuingia. Maji yanayotiririka juu yake yatadondoka hapo chini badala ya kuingia ukutani.

MFANO WA CHUMBA CHA KUSUBIRIA WAGONJWA

Jinsi mambo haya yanavyoungana inaonekana katika mfano wa zahanati ya kijiji yenye televisheni moja katika chumba cha kusubiria wagonjwa, ambako matangazo ya chanjo na taarifa ya habari hutazamwa. Antena ipo juu ya nguzo nyuma ya jengo. Kila mvua, picha huganda, na kamati ya zahanati imeshapendekeza king'amuzi kipya kinunuliwe.

Fundi anayekagua anaanza kwenye kioo. Anafungua ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, `Signal Strength` na `Signal Quality`. Mstari wa kwanza huonyesha nguvu ya mawimbi, wa pili ubora wake. Mstari wa ubora unapanda na kushuka bila kutulia. Kisha anafuata waya. Ni mwembamba, una urefu wa mita 40 kwa sababu umezungushwa jengo zima ili kufuata dirisha, na nyuma ya televisheni kuna kigawanyio cha njia mbili kilichobaki tangu enzi ya televisheni ya pili, ambayo haipo tena.

Hesabu yake ni fupi. Mita 40 za waya mwembamba zinapoteza karibu desibeli 9. Kigawanyio cha njia mbili kinapoteza karibu desibeli 4, hata kama njia ya pili haitumiki, kwa sababu hugawa mawimbi bila kujali kama kuna anayeyapokea. Jumla ni desibeli 13: sehemu moja tu kati ya 20 ya mawimbi ya antena ndiyo inayofika kwenye king'amuzi. Juu ya nguzo, konekta haikufunikwa, na wavu ndani yake umegeuka mweusi. Siku kavu, sehemu hiyo moja kati ya 20 inatosha. Mvua ikinyesha, maji huiondoa.

Kabla ya kununua chochote, fundi anafanya jaribio moja. Anakibeba king'amuzi na televisheni hadi karibu na nguzo, anaunganisha antena kwa kipande kipya cha waya cha mita 2, na anatazama mistari ile ile. Ubora unapanda na kutulia. Jaribio hilo linamaliza ubishi: antena ni nzima, king'amuzi ni kizima, na tatizo liko kati yao.

Suluhisho linakuwa mita 22 za RG6 zinazopita moja kwa moja chini ya paa, konekta mbili mpya, utepe wa mpira kwa ile ya juu, na kuondolewa kwa kigawanyio. Upotevu sasa ni takriban desibeli 3.5, na karibu nusu ya mawimbi hufika. Ikilinganishwa na awali, king'amuzi kile kile kinapata mawimbi mara tisa zaidi.

Kama zahanati ingekuwa mbali na mnara kiasi kwamba waya mpya pekee hautoshi, kikuzi cha mawimbi kingefaa, lakini mahali pake ni juu karibu na antena. Kikuzi kinachowekwa nyuma ya televisheni hukuza mawimbi yaliyokwisha kudhoofika pamoja na kelele zilizoingia njiani. Na kama jaribio la karibu na nguzo lingeonyesha kwamba hata hapo hakuna mawimbi, kwa mfano kwa sababu mlima unaikinga nyumba na mnara, hakuna waya wala konekta ambayo ingeleta kitu kisichofika kwenye antena.

TAHADHARI

Nguzo ya antena isisimamishwe mahali ambapo ikianguka inaweza kugusa nyaya za umeme. Umbali usipungue urefu wa nguzo yenyewe pamoja na antena. Mtu asipande juu ya paa lenye unyevu wala wakati wingu la radi limetanda. Ngurumo zikikaribia, ni vyema waya wa antena uwe umeshachomolewa mapema kwenye king'amuzi, pamoja na plagi ya umeme. Radi ikishaanza kupiga karibu na nyumba, waya huo usiguswe tena mpaka ipite.

Mkazi atakayemwita fundi anaweza kuanza na maswali matatu: mvua ikikatika, picha inarudi baada ya muda gani, waya umeandikwa nini kwenye ganda lake, na konekta ya juu, ikifunguliwa, wavu wake una rangi gani. Majibu ya maswali hayo humweleza fundi, na mwenye nyumba pia, kama fedha zinapaswa kwenda kwenye king'amuzi au kwenye mita chache za waya.